Mkaguzi karudisha tasnifu: "Upendeleo wa kumbukumbu unaelekea upande gani?" Wenye uzoefu njooni

#1 Ngosha_Mtafiti

Wakuu salaam. Mkaguzi wa nje kanirudishia tasnifu ya uzamili. Kinachonitesa si sura ya matokeo, ni aya moja tu ya mapungufu ya utafiti.

Kazi yenyewe iko hivi. Nilichukua akina mama 60 wenye watoto waliozaliwa na mgongo wazi, waliolazwa wodi ya upasuaji kwenye hospitali moja ya rufaa Kanda ya Ziwa. Wa kulinganisha nao ni akina mama 120 wenye watoto wazima, niliowakuta kliniki ya chanjo ya hospitali hiyo hiyo. Wote niliwauliza maswali yale yale kuhusu miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito: homa, Septrini, miti shamba, kula udongo, dawa za kupulizia shambani, vidonge vya FEFO vyenye asidi ya foliki. Kilichochomoza ni miti shamba. Upande wa mgongo wazi 27 kati ya 60 walisema walikunywa, upande wa pili 36 kati ya 120. SPSS ikanipa OR, yaani uwiano wa odds wa makundi hayo mawili, ya 1.9, wakati 1 ingemaanisha hakuna tofauti.

Kwenye mapungufu niliandika hivi: "Huenda kulikuwa na upendeleo wa kumbukumbu kwa kuwa akina mama waliulizwa mambo yaliyopita. Pia kundi la kulinganisha lilitoka hospitali moja tu." Mkaguzi kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika: "Unaelekea upande gani? Kwa kiasi gani? Na kwa nini kliniki ya chanjo?"

Nina wiki mbili. Naanzia wapi?

#2 Kibuyu_Tupu

Hiyo sentensi ya "huenda kulikuwa na upendeleo wa kumbukumbu" naijua, hata kwenye tasnifu yangu ya ufugaji wa kuku ipo. Inarithishwa kama kanga ya bibi.

#3 Mchambuzi_Baridi

Ngosha, mkaguzi wako kakutendea haki. Fanya hesabu ya kidole kwanza, halafu utaona kwa nini anauliza upande.

Tuseme miti shamba haina kosa lolote. Una akina mama 100 kila upande, na kila upande 30 walikunywa kweli. Mama wa mtoto mwenye mgongo wazi ameshaulizwa na daktari, na muuguzi, na shangazi, kwa hiyo kati ya wale 30, 27 wanakumbuka na kusema. Mama wa mtoto mzima hana sababu ya kukumbuka chai ya mizizi ya mwaka jana, wanasema 18. Sasa zidisha 27 kwa 82, kisha ugawe kwa 73 mara 18. Unapata kama 1.7. Hakuna mti uliomdhuru mtu, na bado una matokeo ya kuchapisha.

1.9 yako haiko mbali na hapo. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwako. Nasema msomaji wako hana namna ya kujua, na aya yako haimsaidii. Tujibu mambo matatu: watoto walikuwa na umri gani siku ya mahojiano, nani aliuliza, na uliulizia wapi?

#4 Namba_Hazidanganyi

Tatizo hapo ni uchache. Kesi 60 ni kidogo sana. Ungekuwa na 600 huo upendeleo ungejifuta wenyewe, makosa ya huku yanakula makosa ya kule. Andika "sampuli ilikuwa ndogo", mkaguzi atakuelewa.

#5 Mchambuzi_Baridi

#4 hapana mkuu. Hilo ni kweli kwa makosa ya bahati nasibu. Mzani ulioharibika ukiupimia magunia 600 badala ya 60, utapata uzito ule ule wa uongo, ila sasa utauamini zaidi. Ukiwa na kesi 600 hiyo 1.7 ya mfano wangu inabaki 1.7, kinachopungua ni upana wa makisio yanayoizunguka.

#6 Mama_Junior_Geita

Nimesoma juu juu nikakasirika, nikarudi kusoma tena. Mnasema akina mama wenye watoto wa mgongo wazi tunaongeza chumvi?

Mimi ni mmoja wao. Junior wangu ana miaka sita sasa, anatembelea magongo, shuleni anawashinda wenye miguu miwili. Nililala wodini siku 24. Kila usiku nilikuwa narudi nyuma siku moja moja: siku ya msiba wa baba mdogo nilikula nini, ile homa nilimeza nini, yule dada wa sokoni alinipa mzizi gani. Mama wa mtoto mzima usiku analala. Kwa hiyo sisi ndio tunaokumbuka vizuri, wao ndio wanasahau. Mtuamini sisi.

#7 Mchambuzi_Baridi

Mama Junior, pole na hongera kwa Junior. Hakuna anayesema mnadanganya. Umeeleza vizuri kuliko mimi: nyinyi mnakumbuka, wao wanasahau. Kila mtu amesema ukweli wake na ulinganisho umeharibika, kwa sababu tofauti inayoonekana ni ya kumbukumbu, si ya kilichonywewa.

#8 Mama_Junior_Geita

Sawa, nimekuelewa. Basi ngoja niwaambie jambo lingine mlichanganye humo. Alipokuja binti na karatasi zake kuniuliza kama nilikunywa miti shamba, nilisema sijawahi. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale kitandani, na yeye ndiye aliyenichemshia. Ningesemaje? Ningetoka wodini nirudi nyumba gani?

#9 Kibuyu_Tupu

Hapo sasa. Mwelekeo umegeuka.

#10 Nesi_Zawadi

Namuunga mkono Mama Junior kwa asilimia zote. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 11, na ukimuuliza mwanamke mbele ya mkwe au mume, unapata jibu la mkwe au la mume. Ngosha, uliwauliza wapi?

#11 Ngosha_Mtafiti

Nashukuru wote. Majibu ya #3 na #10:

Wodini niliuliza pembeni ya kitanda, mara nyingi ndugu wakiwepo. Kliniki niliuliza kwenye benchi wakisubiri, wenzao wakiwa pembeni. Wodini niliuliza mwenyewe, kliniki nilisaidiwa na wasichana wawili niliowafundisha siku moja. Watoto wa wodini wengi walikuwa na wiki tatu hivi. Wa kliniki, 70 walikuja chanjo ya wiki sita na 50 walikuja chanjo ya surua, yaani miezi tisa.

#12 Mchambuzi_Baridi

Miezi tisa! Ngosha, hilo halipo kwenye aya yako ya mapungufu na ndilo kubwa kuliko lote. Mama wa wodini anarudi nyuma miezi saba au nane kufika kule mwanzoni mwa mimba. Mama wa surua anarudi nyuma miezi 16 hivi. Tenganisha hao 120 kwa umri wa mtoto, uhesabu miti shamba kila upande. Una namba hizo kwenye kompyuta tayari.

#13 Ngosha_Mtafiti

Nimefanya sasa hivi. Wa wiki sita: 24 kati ya 70 walisema walikunywa. Wa miezi tisa: 12 kati ya 50. Yaani asilimia 34 na asilimia 24.

Nikilinganisha wodi na wale wa wiki sita peke yao, OR inashuka kutoka 1.9 hadi 1.6.

#14 Namba_Hazidanganyi

Hiyo si ndiyo jibu? Wamesahau. Andika hivyo ufunge.

#15 Mchambuzi_Baridi

Taratibu. Inaelekea huko, ila 24 kati ya 70 na 12 kati ya 50 inaweza pia kutokea kwa bahati tu. Tena si akina mama wale wale waliopimwa mara mbili. Anayemleta mtoto surua kwenye hospitali ya rufaa anaweza kuwa mwanamke wa aina nyingine kabisa na yule wa wiki sita, mwenye kazi ya ofisini hapo jirani labda. Kwa hiyo ni dalili, si ushahidi. Lakini ni dalili yenye namba, na mkaguzi alitaka kiasi.

#16 Daktari_wa_Pwani

Niongeze kisa cha zamani kinachoonyesha kwamba swali lenyewe linaweza kuzika au kufukua kumbukumbu. Ujerumani Magharibi, 1961, daktari wa watoto Widukind Lenz huko Hamburg alikuwa anatafuta kwa nini watoto wanazaliwa na mikono mifupi au bila mikono. Mara ya kwanza alipowauliza wazazi, kama asilimia 20 tu walitaja dawa ya usingizi iliyoitwa Contergan, yaani thalidomaidi. Aliporudi na kuwauliza kwa jina la dawa, ikafika kama asilimia 50. Wengi walisema waliiona dawa isiyo na neno, haikustahili hata kutajwa.

Sasa jiulizeni: lile ongezeko ni ukweli uliokuwa umefichika, au ni watu kushawishiwa na swali? Kwa Lenz ulikuwa ukweli, na dawa ikaondolewa sokoni Novemba ile ile. Lakini siku ile anauliza mara ya pili asingeweza kujua kwa kuangalia asilimia peke yake. Muhimu ni kwamba ukimrudia mama wa mtoto mgonjwa kwa jina la dawa, lazima na yule wa mtoto mzima umrudie hivyo hivyo.

Ngosha, wewe uliuliza wodini mwenyewe. Ulikuwa unauliza mara ya pili?

#17 Ngosha_Mtafiti

Daktari, kusema kweli ndiyo. Mama akisema "sikumbuki" wodini, nilikuwa nataja: mwarobaini, mlonge, mizizi ya kuchemsha. Kliniki wale wasichana walisoma swali kama lilivyo wakasonga mbele, foleni ilikuwa ndefu.

#18 Kibuyu_Tupu

Tunamkaanga kijana wa watu kwa mafuta yake mwenyewe.

#19 Nesi_Zawadi

Mwacheni, kasema ukweli, wengi wasingesema. Na kwenye kliniki zetu foleni ni foleni.

Ila kuna kitu hamjagusa, kadi ya kliniki. Kila mama ana kadi, ina mahudhurio, sindano ya pepopunda, dawa za malaria, FEFO. Linganisha anachosema na kilichoandikwa, utajua nani anakumbuka.

#20 Mchambuzi_Baridi

Wazo zuri, lenye mpaka wake. Hungaria walifanya kitu kama hicho kwa miaka mingi, 1980 hadi 1996: dodoso lilimfikia mama kwa posta baada ya kujifungua, na pamoja nalo wakaomba daftari lake la kliniki lililojazwa wakati wa mimba. Kwa hiyo waliweza kulinganisha kalamu ya daktari na kumbukumbu ya mama. Na utafiti wa Marekani wa 1989 uliolinganisha mahojiano na majalada ya hospitali ulikuta kwamba kwa maswali mengine, kama maambukizi ya njia ya mkojo, tofauti ya kumbukumbu kati ya makundi ilikuwepo, na kwa mengine haikuwepo. Usiandike kana kwamba upendeleo ni ugonjwa wa utafiti mzima. Unaingia swali kwa swali.

Mpaka ni kwamba kadi zetu haziandiki miti shamba. Utapima kumbukumbu ya sindano ya pepopunda, halafu utakisia kwamba ya mizizi inafanana nayo.

#21 Nesi_Zawadi

Kweli. Na FEFO nayo ina mtego. Mrija wa neva wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Akina mama wetu wengi wanaanza kliniki tumbo likiwa linaonekana. Kadi itakuonyesha FEFO alizopewa wakati mgongo umeshafunga au umeshashindwa kufunga zamani. Ngosha, kama uliweka FEFO ya kliniki kama kinga kwenye jedwali lako, iondoe.

#22 Ngosha_Mtafiti

Nimeiweka. Mungu wangu.

#23 Baba_Mtarajiwa

Samahani wakuu, nimeshindwa kufuata hesabu. Mke wangu ana mimba ya miezi miwili, kijijini wanampa dawa ya kienyeji ya tumbo. Sasa inaleta mgongo wazi au haileti? Nijibiwe kwa kifupi.

#24 Nesi_Zawadi

Kaka, utafiti huu hauwezi kukujibu hilo, ndiyo maana tunagombana humu. Mwambie aache dawa ambayo hakuna anayejua ina nini, mpeleke kliniki wiki hii hii msisubiri tumbo. Na mkipanga mwingine, asidi ya foliki inaanza kabla ya mimba.

#25 Kijana_wa_Eldoret

Hamjambo kutoka Kenya. Mmeshughulika na kumbukumbu mpaka mkasahau swali la tatu la mkaguzi: kwa nini kliniki ya chanjo?

Nauliza hivi. Mtoto mwenye mgongo wazi anapelekwa hospitali ya rufaa kutoka wilaya zote, hata mwendo wa siku nzima kwa basi. Mtoto wa chanjo anatoka mtaa wa pili. Kwa hiyo unalinganisha wa shamba na wa mjini. Wa shamba anakunywa mizizi zaidi kwa sababu anakaa shamba, si kwa sababu ya mgongo wa mtoto. Kuna unga pia. Kwenu, kama kwetu, unga wa viwandani unatakiwa uwe na asidi ya foliki. Wa mjini anakula mkate na unga wa pakiti, wa shamba anasaga mahindi yake kwenye kinu cha kijiji ambako hakuna anayeongeza kitu. Labda mzizi hauna hatia, na kumbukumbu haina hatia, ni unga.

Kipimo changu cha kundi la kulinganisha ni rahisi: huyu mama wa chanjo, mtoto wake angezaliwa na mgongo wazi, angefika wodi ile? Anayetoka mtaa wa pili, ndiyo. Lakini yule wa kijijini ambaye mtoto wake ni mzima, anapata wapi nafasi ya kuingia kwenye 120 zako? Hapati. Chanjo anachoma zahanati ya kijiji.

#26 Daktari_wa_Pwani

Eldoret umegonga msumari. Tanzania kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga zipo tangu 2011, na vinu vidogo vya vijijini vimebaki nje kwa kiasi kikubwa. Ngosha, una makazi ya kila mama?

#27 Ngosha_Mtafiti

Ninayo. Nimekaa usiku nikayapanga.

Wodini, 19 wanatoka mjini na 41 nje ya mji. Kliniki, 111 mjini na 9 tu nje.

Miti shamba kwa wa mjini: wodini 6 kati ya 19, kliniki 32 kati ya 111. OR 1.1.
Kwa wa nje: wodini 21 kati ya 41, kliniki 4 kati ya 9. OR 1.3.

1.9 yangu imeyeyuka. Nilie au nicheke?

#28 Kijana_wa_Eldoret

Cheka. Mkaguzi angeyakuta hayo kwenye utetezi ndiyo ungelia.

#29 Namba_Hazidanganyi

Sasa si aingize makazi kwenye modeli ya logistiki, OR irekebishwe, maisha yaendelee? Hata kundi la kulinganisha likiwa bovu, modeli inanyoosha.

#30 Mchambuzi_Baridi

Safari hii uko sahihi nusu, na nusu si haba. Aingize makazi, lazima. Lakini angalia modeli itakuwa imesimama juu ya nini: akina mama 9. Hao 9 ndio watakaosema wanawake wote wa vijijini Kanda ya Ziwa wanakunywa nini. Akibadilisha jibu mmoja tu kati yao, kutoka 4 hadi 5, OR ya nje ya mji inakuwa 21 kwa 20 dhidi ya 5 kwa 4, yaani 0.8. Mwanamke mmoja anageuza hatari kuwa kinga. Modeli haiwezi kuleta watu ambao hawakuhojiwa.

Na Eldoret, nadharia yako ya unga ni nzuri lakini Ngosha hakuuliza unga. Tunayo maelezo matatu sasa, kumbukumbu, makazi na unga, na takwimu za kupima mawili.

#31 Kijana_wa_Eldoret

Nakubali hakuuliza. Lakini kuangalia makazi ni kuangalia unga kwa dirisha la nyuma. Sijaondoka hapo.

#32 Fundi_Viatu_Moro

Mimi si msomi, natengeneza viatu vya watoto wenye miguu ya kifundo. Nauliza tu: kwa nini asilinganishe na mama wa mtoto wa kifundo? Naye kahangaika, naye kaulizwa na mashangazi, naye katoka mbali. Kumbukumbu zao zitakuwa sawa.

#33 Daktari_wa_Pwani

Fundi, wewe si msomi kwa cheti tu. Wazo hilo watafiti wa kasoro za kuzaliwa wamelijadili kwa miaka: kulinganisha kasoro na kasoro ili kumbukumbu zilingane.

Linapofaa ni pale kitu unachokichunguza kinapoleta kasoro moja na si ile nyingine. Kama mzizi unaharibu mgongo na unaharibu miguu pia, pande zote zitakuwa na wanywaji wengi, tofauti itapotea, na utatangaza mzizi hauna neno wakati una neno. Mdomo sungura nisingeutumia hapa kabisa, maana asidi ya foliki nayo imehusishwa nao. Kingine kwa kifundo: mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi ana kifundo pia. Ungehakikisha mgongo kwanza.

#34 Mchambuzi_Baridi

Mimi ningechukua makundi mawili ya kulinganisha, wa kifundo na wazima wa vijiji walikotoka wagonjwa. Yakikubaliana unapumua. Yakipingana, angalau unajua ugomvi uko wapi. Ila hiyo ni ya utafiti ujao, si ya wiki mbili.

#35 Mtu_wa_Gaborone

Salaam kutoka Botswana, niko huku kikazi. Mnakumbuka dawa ya VVU dolutegravir ilivyoleta taharuki 2018? Utafiti kama wa Ngosha ulisema inaleta mgongo wazi, baadaye ikaonekana ni kumbukumbu tu za akina mama.

#36 Daktari_wa_Pwani

Mkuu, taharuki ni kweli, sababu siyo. Ule utafiti wa huko Botswana, wa Tsepamo, haukuwauliza akina mama kumbukumbu baada ya kasoro kuonekana. Walikuwa wanakusanya taarifa za uzazi hospitalini tangu 2014, na dawa aliyokuwa anatumia mama ilikuwa imeandikwa tayari kwenye kadi yake ya kliniki. Mwaka 2018 walikuta 4 kati ya watoto 426 ambao mama zao walianza dolutegravir kabla ya mimba. Namba ilikuwa ndogo. Walivyoendelea kuhesabu maelfu, tofauti ikafifia. Ile ilikuwa bahati nasibu, ugonjwa ambao Namba_Hazidanganyi alitaka kuutibu kwa sampuli kubwa kule #4. Dawa yake ilikuwa sahihi, mgonjwa ndiye siye.

#37 Namba_Hazidanganyi

Nimepokea. Nitaiweka kwenye fremu.

#38 Ngosha_Mtafiti

Wakuu, rasimu ya aya mpya. Pigeni mawe:

"Akina mama wa wodini waliulizwa watoto wakiwa na wiki tatu hivi, ilhali 50 kati ya 120 wa kulinganisha waliulizwa kwenye miezi tisa. Mhojaji wa wodini alitaja majina ya miti mama aliposita, wa kliniki hawakutaja. Yote mawili yanaelekea kuongeza OR. Tukibakiza watoto wa wiki sita peke yao, OR inashuka kutoka 1.9 hadi 1.6. Kwa upande mwingine, mahojiano ya wodini yalifanyika mbele ya ndugu, jambo linaloweza kuwa limewafanya baadhi ya akina mama wafiche matumizi na hivyo kupunguza OR. Kiasi chake hatuwezi kukikadiria. Kundi la kulinganisha lilikuwa karibu lote la mjini (111 kati ya 120) ilhali wagonjwa 41 kati ya 60 walitoka nje ya mji. Ndani ya kila makazi OR ilikuwa 1.1 na 1.3, lakini ulinganisho wa nje ya mji unategemea akina mama 9. Vidonge vya FEFO vya kliniki vimeondolewa kwenye uchambuzi kwa kuwa vilitolewa baada ya mrija wa neva kufunga."

#39 Mchambuzi_Baridi

Safi. Marekebisho mawili. Kwenye FEFO andika "kwa wengi", labda wapo walioanza mapema, angalia kadi. Na muhtasari wa mwanzo wa tasnifu bado unasema miti shamba inahusishwa na mgongo wazi? Aya ya mapungufu ikisema hivi na muhtasari ukabaki vile, mkaguzi atarudisha tena.

#40 Nesi_Zawadi

Kwenye ndugu wa wodini, ongeza kwamba benchi la kliniki nalo lilikuwa na masikio. Usiwafanye wa kliniki kuwa malaika wa ukweli.

#41 Kijana_wa_Eldoret

Na unga? Sentensi moja tu.

#42 Ngosha_Mtafiti

Nitaandika kwamba sikuuliza unga, Eldoret. Unga umeshinda.

#43 Mama_Junior_Geita

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kitanda cha jirani yangu wodini kulikuwa na mama wa Kigoma, mtoto alifika amechelewa, akafariki siku ya pili. Yeye hakuulizwa na yule binti, alikuwa ameshaondoka. Na kijijini kwetu yupo aliyezaliwa bila fuvu la kichwa, hakulia hata mara moja, wakazika jioni ile ile. Hao mama zao mmewaweka upande gani?

#44 Ngosha_Mtafiti

Hawapo upande wowote, mama. Nilihoji waliofika na kubaki.

#45 Daktari_wa_Pwani

Na hao ndio wenye kasoro kali zaidi, na ndio wanaotoka mbali zaidi. Kama mzizi una kosa kwao tu, wewe usingeuona kabisa. Kama hao hawakunywa zaidi ya wengine, 27 kati ya 60 yako ni kubwa mno. Sijui lipi.

#46 Nesi_Zawadi

Daftari la leba linaandika waliozaliwa wafu na kasoro inayoonekana. Halina miti shamba, lakini lina makazi. Angalau utajua wangapi umewakosa na wametoka wapi.

#47 Ngosha_Mtafiti

Kesho asubuhi naenda kuliomba. Kibali changu cha maadili kinataja wodi na kliniki tu, sijui kama leba wataniruhusu.

#48 Kibuyu_Tupu

Aya ya sentensi mbili imekuwa kurasa mbili, na bado hujafika leba. Mimi narudi kwenye kuku wangu.